Nakala moja ya KRAS, nakala mbili za APC: kisa cha kijana mwenye saratani ya utumbo mpana

Usuli

Mgonjwa ni mwanamume aliyekuwa mwishoni mwa miaka ya ishirini, mwenye mke na mtoto mmoja mdogo. Jina, mji, hospitali na tarehe vimeondolewa. Kwa miezi saba alikuwa akitokwa na damu wakati wa kwenda haja kubwa. Mara ya kwanza alipewa dawa ya bawasiri, mara ya pili dawa ya amiba, mara ya tatu vidonge vya kuongeza damu. Alipofika hospitali kubwa hemoglobini yake ilikuwa 7.9, na kilo tisa zilikuwa zimekwisha mwilini.

Baba yake alifariki kabla ya kufikisha miaka arobaini kwa kile ambacho familia ilikiita "ugonjwa wa tumbo". Mama alishalisema hilo kwenye zahanati: "Baba yake naye alianza hivi hivi." Halikuandikwa popote.

Kolonoskopi ilionyesha vinyama mamia kwa mamia vimetapakaa katika utumbo mpana wote, vingi vidogo kuliko punje ya mahindi, na uvimbe mmoja mkubwa upande wa kushoto, kwenye sigmoidi, ulioziba zaidi ya nusu ya njia. Picha ya CT ilionyesha madoa manne kwenye ini, kubwa kuliko yote likiwa na upana wa sentimita 3.1. CEA, alama ya damu ambayo kwa mtu wa kawaida haizidi 5 hivi, ilikuwa 84.

Kwa picha hiyo ugonjwa wa kurithi ulikuwa dhahiri. Vinyama zaidi ya mia katika utumbo wa kijana maana yake ni kasoro ya kurithi ya jeni ya APC mpaka ithibitishwe vingine.

Mlolongo wa matukio

Wakati wa kolonoskopi vilichukuliwa vipande sita vidogo kutoka kwenye uvimbe. Mwanapatholojia alithibitisha saratani. Kwa kuwa uvimbe ulikuwa upande wa kushoto na ini lilikwisha kuguswa, daktari wa saratani alitaka kujua hali ya KRAS, jeni ya kuhimiza ukuaji, kabla ya kuchagua dawa. Vipande vile vile, vilivyobaki kwenye bloku ya nta, vilipelekwa maabara. KRAS ilisomwa kwa njia ya Sanger, eneo la kodoni 12 na 13 tu, kodoni ikiwa ni kundi la herufi tatu za jeni. Jibu lilikuwa mstari mmoja: hakuna badiliko lililoonekana.

Mgonjwa alianzishiwa tibakemikali ya 5-FU na irinotekani pamoja na setuksimabu, kingamwili inayofunga EGFR, yaani kipokezi kinachopokea ishara ya ukuaji juu ya seli. Wiki ya tatu alitoka vipele vya usoni na kifuani vinavyofanana na chunusi. Waliomhudumia waliviona kuwa dalili njema, kwa sababu kweli wagonjwa wanaonufaika na dawa hii mara nyingi hutoka vipele.

Wiki ya nane CEA ilikuwa 210. Doa kubwa la ini lilikuwa limefika sentimita 4.4. Siku chache baadaye utumbo uliziba kabisa, na ikabidi afanyiwe upasuaji wa dharura.

Upasuaji huo ndio uliofungua kisa. Safari hii maabara ilipata kipande kizima cha sigmoidi chenye uvimbe wote, pamoja na vinyama vilivyouzunguka. Uvimbe ulisomwa upya kwa mashine inayosoma jeni nyingi kwa wakati mmoja, na damu ya mgonjwa ikasomwa sambamba. Seli za saratani katika eneo lililokwanguliwa zilikadiriwa kuwa 60%. Majibu yalikuwa haya:

| Jeni | Badiliko | Asilimia ya nakala zenye kasoro: uvimbe | Damu |
|---|---|---|---|
| APC | herufi tano zimefutwa kwenye kodoni 1309 | 80% | 49% |
| KRAS | G12D | 29% | 0 |
| TP53 | R175H | 43% | 0 |

KRAS ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Jibu la kwanza lilikuwa la uongo.

Maamuzi na sababu zake

Setuksimabu ilisimamishwa siku hiyo hiyo. Dawa hiyo hufunga mlango wa nje, ilhali G12D ni ishara inayowaka ndani ya nyumba. KRAS ya kawaida hushika molekuli ya GTP inapoamshwa na EGFR, kisha kwa msaada wa protini nyingine huivunja kuwa GDP na kuzima. Kwenye nafasi ya 12 inapaswa kukaa glisini, amino asidi ndogo kuliko zote, kwa sababu hapo pana nafasi finyu sana. Ikiingia asidi ya aspatiki, kama ilivyo katika G12D, protini msaidizi haiwezi tena kuingiza kidole chake, GTP haivunjwi, na KRAS hubaki imewaka hata kama EGFR imefungwa kwa kufuli.

Daktari wa upasuaji alikata sehemu iliyoziba tu na kutoa utumbo nje ya tumbo kwa muda. Kwa mtu mwenye vinyama mamia, kanuni ni kuondoa utumbo mpana wote, lakini hiyo ni kinga ya saratani ya miaka ijayo. Huyu tayari alikuwa na saratani ndani ya ini, na maisha yake yalitegemea ini, si vinyama. Upasuaji mkubwa ungechelewesha dawa bila kumwongezea chochote.

Tibakemikali mpya ilikuwa oksaliplatini na 5-FU pamoja na bevasizumabu. Hiyo ya mwisho hukwamisha mishipa ya damu inayolisha uvimbe, kwa hiyo haiulizi KRAS ikoje. Lakini pia huchelewesha kidonda kupona, ndiyo maana ilisubiri wiki sita baada ya upasuaji.

Uamuzi wa tatu ulihusu ndugu. Kwa kuwa badiliko la APC lilionekana kwenye damu, lilikuwa la kurithi, na kila ndugu wa tumbo moja alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa nalo. Aliitwa dada mkubwa na mdogo wao wa kiume wa miaka 17. Ukishajua badiliko la familia, kipimo cha ndugu hutafuta badiliko hilo moja tu, na jibu lake likiwa hapana ni hapana kweli.

Matokeo

Doa kubwa la ini lilipungua hadi sentimita 2.9 na CEA ikashuka hadi 60. Nafuu hiyo ilidumu miezi tisa. Baada ya hapo saratani iliendelea, na mgonjwa alifariki miezi 19 tangu ugundulike ugonjwa.

Dada hakuwa na badiliko. Alitolewa kwenye orodha ya kolonoskopi za kila mwaka. Mdogo alikuwa nalo, na vinyama vyake vilikuwa vimekwisha kuota, hakuna hata kimoja kilichogeuka saratani. Utumbo wake mpana uliondolewa.

Uchambuzi: kwa nini nakala moja, kwa nini mbili

Kila seli ina nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Karibu kila kitu katika kisa hiki, kuanzia vinyama hadi kosa la maabara, kinatokana na swali moja: nakala ngapi lazima ziharibike ili seli ibadilike?

Onkojeni ni jeni ya kawaida ya kuhimiza ukuaji iliyoharibika kwa namna ya kuzidisha kazi yake. Chukua kengele mbili: moja ikikwama ikawa inalia usiku kucha, mtaa haulali, hata kama ya pili imetulia. KRAS iko hivyo. Nakala moja yenye G12D inatosha, na ile nzima haina la kufanya.

Jeni kandamizi za uvimbe, APC ikiwemo, ziko kinyume. Kazi yake ni kuzuia, na huleta madhara zinapopotea. Kwa walinzi wawili wa lango, mmoja akilala mwingine bado yuko macho. Lazima walale wote. Alfred Knudson alilifikia wazo hili la mapigo mawili mwaka 1971 kwa kuhesabu umri wa watoto wenye retinoblastoma, saratani ya jicho, kabla jeni yenyewe haijapatikana.

Tofauti hii huonekana pia katika aina ya uharibifu. Onkojeni huharibika mahali pachache mahususi, kwa sababu si kila kosa linaweza kukwamisha kengele. Mengi yangeivunja tu ikanyamaza. Ndiyo maana maabara inaweza kutafuta KRAS kwenye kodoni chache. APC huweza kuharibiwa popote: futa herufi, ongeza herufi, weka alama ya kusimama, yote ni sawa ilimradi protini ikatike. Protini yake ina amino asidi 2,843. Kwa mgonjwa huyu, kufutwa kwa herufi tano kulivuruga usomaji wa herufi tatu tatu, na protini ikakatika karibu na ya 1,310, chini ya nusu ya urefu wake. Sehemu iliyopotea ndiyo inayosaidia kuiweka protini ya beta-katenini alama ya kuvunjwa. Bila hiyo, beta-katenini hujaa, huingia kwenye kiini na kuamsha jeni za kugawanyika, onkojeni ya MYC ikiwemo. Kwa hiyo kandamizi iliyopotea huishia kuwasha onkojeni bila onkojeni yenyewe kuguswa.

Sasa vinyama. Ukuta wa utumbo mpana una vishimo vidogo takriban milioni kumi, kila kimoja na seli mama zake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba uwezekano wa kupoteza nakala moja ya APC katika kishimo kimoja ni moja kati ya milioni. Mtu wa kawaida anahitaji mapigo mawili mahali pamoja, yaani moja kati ya milioni mara milioni, na kwa vishimo milioni kumi huenda asiote hata kinyama kimoja. Aliyezaliwa na pigo la kwanza katika kila seli anahitaji moja tu zaidi. Hapo milioni kumi zinatoa vinyama kumi kwa mkupuo, na seli zinaendelea kugawanyika miaka nenda miaka rudi. Hesabu halisi ina mambo mengi kuliko hayo, lakini umbo lake ni hilo.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Katika ukoo ugonjwa huu hurithiwa kwa nakala moja tu, mzazi mmoja anatosha. Katika seli zinahitajika mbili. Hakuna mgongano: kinachorithiwa ni pigo la kwanza, na la pili hutokea lenyewe kwa sababu seli ni nyingi mno.

Kusoma asilimia za maabara

Jedwali la juu linaweza kukaguliwa kwa hesabu ya kawaida, na inafaa kila anayepokea ripoti kama hiyo aifanye.

Kipande kina seli 100: 60 za saratani na 40 za kawaida, kila moja na nakala mbili, jumla 200. KRAS ikiwa imeharibika nakala moja katika kila seli ya saratani, nakala mbovu ni 60 kati ya 200, yaani 30%. Maabara ilipata 29%. Nakala moja, kama onkojeni inavyodai.

TP53, jeni nyingine kandamizi, ilikuwa 43%. Nakala moja mbovu tu ingetoa 30%. Lakini kama seli ya saratani imepoteza kabisa nakala nzima na kubaki na ile mbovu peke yake, nakala zote zinakuwa 60 za saratani na 80 za seli za kawaida, jumla 140. Sitini kati ya 140 ni 43%. Mapigo mawili: moja badiliko, la pili kufutwa.

APC ilikuwa 80%. Seli 40 za kawaida zina nakala 40 mbovu za kurithi. Kama seli 60 za saratani zimeipoteza nakala nzima na kuinakili ile mbovu mahali pake, zinatoa 120. Jumla 160 kati ya 200, yaani 80%. Kama nakala nzima ingefutwa bila kujazwa, tungepata 100 kati ya 140, yaani 71%. Hivyo pigo la pili hapa lilikuwa la kubadilishana vipande vya kromosomu wakati seli inagawanyika. Inaendana na inavyojulikana: wenye badiliko la kurithi karibu na kodoni 1309 mara nyingi hupata pigo la pili kwa kupoteza nakala nzima namna hii.

Damu isingesomwa, 80% hiyo ingeweza kuchukuliwa kuwa badiliko la uvimbe peke yake na familia isingeitwa.

Kosa la kwanza lilitokea wapi

Slaidi za vipande vile sita zilitazamwa upya. Seli za saratani zilikuwa kama 20%. Zilizobaki zilikuwa limfosaiti, misuli na ukuta wa kawaida. Fanya hesabu ile ile: nakala mbovu 20 kati ya 200, sawa na 10%. Njia ya Sanger huhitaji takriban 15 hadi 20% ili kilele cha herufi ya pili kitofautishwe na kelele za mstari. Badiliko lilikuwepo, chini ya uwezo wa kifaa. Na kwa kuwa onkojeni huharibika nakala moja tu, ishara yake kwa kawaida ni nusu ya wingi wa seli za saratani. Anayesahau kugawa kwa mbili hudhani kipande cha 20% kinatosha.

Ripoti ya kwanza haikutaja asilimia ya seli, wala njia, wala kiwango cha chini kinachoweza kuonekana. Bila mambo hayo matatu, "hakuna badiliko" haina tofauti na "hatukuona". Kilichopaswa kufanyika ni mwanapatholojia kuchora kwa kalamu eneo lenye saratani nyingi kwenye slaidi iliyotiwa rangi, kisha kukwangua eneo hilo tu kwenye slaidi zisizotiwa rangi. Asilimia ikadiriwe kwa kuhesabu viini, si kwa kutazama ukubwa wa eneo, maana DNA hutoka kwenye viini. Dimbwi la ute lenye seli chache huonekana kubwa na halina kitu. Kundi dogo la limfosaiti huonekana si kitu na limejaa DNA ya kawaida.

Pia kipimo cha jeni moja hakijisahihishi. Kipimo cha jeni nyingi kikionyesha TP53 kwa 43% na KRAS sifuri, sifuri hiyo inaaminika, kwa kuwa DNA ya saratani imethibitika kuwemo. Kisipoonyesha badiliko lolote la uvimbe, shuku kipande kwanza. APC ya kurithi haifai kuwa kithibitisho, kwani ipo hata kwenye seli za kawaida.

Kulikuwa na hatari ya kosa la upande wa pili. Fomalini huharibu herufi C, nayo husomwa kama T, au G kusomwa A ukitazama uzi wa pili. G12D ni G iliyogeuka A, sawasawa na uharibifu huo. Kwa 29% hakuna shaka, makosa ya fomalini huwa ya asilimia ndogo. Lakini ingeonekana kwa 3%, ingebidi kutoa DNA mara ya pili kutoka kwenye nta na kusoma upya. Fomalini ya 10% iliyosawazishwa, mara kumi ya ujazo wa kipande, kwa saa 6 hadi 48, hupunguza tatizo. Bakuli dogo na wikendi ndefu huliongeza.

Vipele navyo vilidanganya kwa sababu nzuri ya kibiolojia. Seli za ngozi hazina G12D. Huko EGFR ikifungwa, ishara inakatika kweli. Dawa ilikuwa inafanya kazi kila mahali isipokuwa kwenye saratani. CEA ingepimwa wiki ya nne, ingesema ukweli mwezi mmoja mapema.

Kilichoonekana kwenye vinyama

Kipande cha upasuaji kiliruhusu kusoma vinyama viwili pia. Kile cha milimita 4 kilikuwa kimepoteza nakala zote mbili za APC na si zaidi. Kile cha milimita 12 kilikuwa na APC pamoja na KRAS, lakini ya G12V, si G12D, hivyo hakikuwa jamaa wa uvimbe mkubwa; kilianza chenyewe na kufuata njia ile ile. TP53 ilikuwa nzima katika vyote viwili. Mpangilio huu, APC, kisha KRAS, kisha TP53 kwenye mpaka wa kuwa saratani, ndio Fearon na Vogelstein walioueleza mwaka 1990.

KRAS peke yake isingefika mbali. Seli inayosukumwa bila kuvunjika breki zake nyingine mara nyingi husimamishwa na p53, protini ya TP53. Na p53 haifuati kanuni ya mapigo mawili kikamilifu. Hufanya kazi kwa kundi la protini nne. Nusu zikiwa mbovu, uwezekano wa kundi lenye nne nzima ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani 1 kati ya 16. Badiliko kama R175H, linaloacha protini ndefu lakini iliyopinda, huivuruga nakala nzima kabla haijafutwa. Pigo la pili hukamilisha kazi iliyokwisha kuanza.

Uzito wa makosa

Kosa la KRAS lilipoteza wiki nane na fedha nyingi. Halikumuua. Miezi saba ya dawa za bawasiri ilikuwa nzito zaidi, na nzito kuliko zote ni ile sentensi ya mama isiyoandikwa. Mwenye badiliko la 1309 huanza vinyama mapema kuliko wengi wenye ugonjwa huu. Angeanza kuchunguzwa akiwa na miaka 10 hadi 12, utumbo wake ungeondolewa kabla TP53 haijaguswa mahali popote.

Kurudisha jeni kandamizi iliyopotea hakuna dawa inayoweza. Onkojeni angalau iko pale, inaweza kufungwa: sotorasibu iliidhinishwa mwaka 2021 dhidi ya G12C, kwa sababu sisteini iliyoingia nafasi ya 12 ina salfa ambayo dawa huing'ang'ania. Asidi ya aspatiki ya G12D haina mshiko huo.

Mtoto wa marehemu hakupimwa, kwa kuwa alikuwa na miaka minne na jibu lisingebadilisha chochote kwa wakati huo. Nakala ya ripoti ya jeni alipewa mama yake, ikiwa imeandikwa badiliko kamili (c.3927_3931del) na umri wa kurudi: miaka 10, au mapema zaidi akitokwa na damu.